Bwana Mwenye Nyumba, Chini ya Paa Hakuna Mita 62

Nilikokulia Tanga sikuwahi kusikia mtu akiuliza chumba kina mita ngapi za mraba. Unauliza kama ni chumba na sebule, kama choo ni cha ndani, kama maji yanatoka, na kodi inalipwa ya miezi mingapi. Hapa Hamburg kodi inahesabiwa kwa mita ya mraba, na mimi nimeilipa miezi 26 bila kupima hata kona moja. Mkataba uliandika "takriban mita za mraba 62", euro 13 kwa mita, jumla euro 806 kabla ya gharama za maji na joto. Nikasaini.

Kilichoniamsha ni barua ya mwenye nyumba mwezi uliopita. Anataka kupandisha kodi hadi euro 14.20 kwa mita, yaani euro 880.40 kwa mwezi, na ametaja jedwali la kodi la jiji, yaani orodha ya kodi za kawaida kwa mita, kama sababu. Na kweli, bei hiyo kwenye jedwali imo. Nilichojiuliza ni hizo mita 62 amezitoa wapi. Naishi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa lenyewe, na kila nikitandika kitanda upande wa ukutani nagonga kichwa.

Jumapili nikapima. Kipimo cha leza niliazima kwa jirani, lakini kilichofanya kazi kubwa ni mti wa ufagio niliouwekea alama mbili, mita 1 na mita 2. Unausimamisha wima, unauvuta kuelekea kwenye mteremko wa dari mpaka alama iguse, halafu unabandika sakafuni utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Ukimaliza una mistari miwili inayokwenda sambamba na ukuta. Kanuni ya Ujerumani ya kupima eneo la makazi, inayotumika tangu 1 Januari 2004, inasema hivi: penye kimo cha mita 2 au zaidi, eneo lote linahesabiwa. Kati ya mita 1 na 2, nusu yake. Chini ya mita 1 hakuna kitu. Roshani kwa kawaida ni robo, na haizidi nusu. Kama mkataba haukutaja njia nyingine ya kupima, na hapo mjini hakuna desturi tofauti, ndiyo hiyo inayofuatwa.

Mara ya kwanza nilikosea kwa kujumlisha vijinafasi vya milangoni, ambavyo havihesabiwi. Nikarudia. Kisha nikaandika barua, kwa Kijerumani bila shaka. Kwa Kiswahili inasomeka hivi:

"Bwana mwenye nyumba, salaam.

Nimepokea ombi lako la kupandisha kodi, na kwa sasa sitalikubali. Nimepima nyumba upya, na hesabu yako na yangu hazikutani.

Sebule ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4.80, na wewe umeihesabu 24 kamili. Lakini sentimita 40 za mwisho za upana ziko chini ya mita 1 ya kimo, na mita 1 inayofuata iko kati ya mita 1 na 2. Ukitoa sehemu ya kwanza na kuikata nusu ya pili, sebule inabaki mita 19.5. Chumba cha kulala umekihesabu 17.6, nacho kwa njia hiyohiyo kinabaki 14. Jiko, bafu na ujia havina mteremko, hapo tunakubaliana: 16.4. Roshani ya mita 4 umeiingiza yote, mimi nimeingiza robo, yaani mita 1. Jumla ni mita 50.9. Zinapungua mita 11.1, karibu asilimia 18.

Hata ukitaka roshani ihesabiwe nusu, nyumba inafika 51.9 na upungufu unabaki zaidi ya asilimia 16. Neno 'takriban' halibadilishi kitu: Mahakama ya Shirikisho ya Karlsruhe ilishaamua hivyo mwaka 2010.

Kwa hiyo naomba kodi irekebishwe kuwa euro 661.70, na nirudishiwe euro 144.30 kwa kila mwezi wa miezi 26 iliyopita, jumla euro 3,751.80. Mpaka tutakapoelewana naendelea kulipa euro 806, lakini nalipa bila kukubali kwamba nadaiwa zote, na haki yangu ya kudai zilizozidi inabaki palepale. Mchoro wenye vipimo nimeuambatanisha. Karibu uje upime mwenyewe, nipe taarifa siku chache kabla."

Sentensi ya kuendelea kulipa ndiyo niliyoifikiria zaidi. Rafiki yangu mmoja alinishauri nikate tu hiyo 144.30 kuanzia mwezi ujao. Sikumsikiliza. Kama nimekosea kupima, kila nilichokata kinageuka deni, na deni la kodi likifika miezi miwili linaweza kumpa mwenye nyumba sababu ya kukufukuza. Vilevile sikulipa ile kodi mpya "kwa muda". Mtu akiilipa mara kadhaa, mahakama inaweza kusema ameshakubali.

Sasa niseme kinachoniudhi. Mwaka 2004 Karlsruhe iliweka mstari wa asilimia 10: upungufu ukizidi hapo, nyumba ina kasoro na kodi inashuka kwa kiwango hichohicho. Usipozidi, hupati kitu. Kama yangu ingepimwa mita 56, ambayo ni pungufu ya karibu asilimia 9.7, ningeendelea kulipia mita 6 za hewa kila mwezi na sheria ingenyamaza. Duka la nyama likikupunja gramu 90 kwenye kilo hakuna anayesema ni sawa kwa sababu hazijafika 100. Najua jibu lao, kwamba kupima vyumba vya paa ni kazi ngumu na majaji hawataki kesi za sentimita. Lakini mwenye nyumba ndiye aliyeandika namba. Angepima kabla ya kuandika.

Kwenye kupandisha kodi, hata hivyo, mstari huo haupo tena. Mwaka 2015 mahakama ileile iliamua kwamba kodi ikipandishwa kwa jedwali, zinazohesabiwa ni mita zilizopo kweli, hata kama tofauti ni ndogo. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu jikoni. Chukua bei anayoitaka yeye mwenyewe, 14.20, zidisha kwa 50.9. Unapata euro 722.78. Yaani bei yake mpya, kwa mita za kweli, iko chini ya kodi ninayolipa sasa. Hana pa kupandishia. Jambo moja tu la kuangalia: majedwali hugawa nyumba kwa ukubwa, na mara nyingi nyumba ndogo bei yake ya mita ni kubwa zaidi. Ukipima ukajikuta umeshuka kundi, angalia bei ya kundi jipya kwanza. Yangu haikushuka.

Barua niliipitisha kwa mshauri wa chama cha wapangaji, akaongeza tarehe ya mwisho ya kujibu na kufuta sentensi moja niliyoiandika kwa hasira. Nikaituma kwa rejista.

Jibu limekuja jana, mistari miwili. Anasema wapangaji waliotangulia hawakuwahi kulalamika, na atakuja Alhamisi saa kumi jioni na mpimaji wake. Utepe bado uko sakafuni.