Siku 60 Zihesabiwe Kuanzia Lini?

Kampuni kubwa inapomwambia mtoa huduma mdogo kwamba hulipa baada ya siku 60, mabishano huwa juu ya idadi ya siku, na ni nadra mtu kuuliza siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Kazi yangu ni kutunza hesabu za kampuni ndogo jijini Dar es Salaam, nyingi zikiwa za usafi, ulinzi na matengenezo, na naamini kwamba tarehe ya kuanzia inawaumiza wateja wangu kuliko idadi yenyewe. Katika mikataba mingi ninayoisoma, siku huhesabiwa tangu idara ya uhasibu ilipopokea ankara iliyo sahihi. Neno hilo "sahihi" ndilo linalobeba kila kitu, kwa kuwa mlipaji ndiye anayeamua ankara ipi ni sahihi.

Ili ankara ikubaliwe, mhasibu wa kampuni hulinganisha karatasi tatu: LPO, yaani hati ya kuagiza kazi inayotolewa na idara ya manunuzi, hati iliyosainiwa kuthibitisha kwamba kazi imefanyika, na ankara yenyewe. Jina la kampuni, namba ya LPO, maelezo ya kazi na kiasi cha fedha vinatakiwa kuoana katika zote tatu, na kimoja kikipishana, mfumo wa kompyuta unazuia malipo hata kama kila mtu ofisini anajua kwamba kazi ilifanyika vizuri. Mara nyingi kasoro huwa ndogo sana. LPO inasema "usafi wa ofisi, Januari", ankara inasema "huduma za mwezi". Au LPO ya mwaka mzima imebakiwa na fedha pungufu kwa sababu tawi moja liliomba usafi wa ziada kwa simu, na hakuna aliyeiongeza.

Mbegu za matatizo hayo hupandwa wakati wa usajili. Kampuni huomba cheti cha BRELA, TIN, cheti cha usajili wa VAT, leseni ya biashara, uthibitisho kwamba hudaiwi kodi na barua ya benki yenye namba ya akaunti. Nyaraka hizi wengi wanazo, lakini hawazisomi zikiwa pamoja. Akaunti ya benki ikiwa na jina la biashara la zamani la mwenye kampuni, huku TIN ikiwa ya kampuni yenyewe, usajili unaweza kupita kwa kuwa karani aliangalia tu kama karatasi zipo, kisha fedha zikakwama siku ya malipo, wakati mishahara ya mwezi wa tatu inasubiri. Ndiyo maana kabla mteja wangu hajapeleka chochote, nazipanga nyaraka zote mezani na kusoma jina herufi kwa herufi.

Nalisisitiza pia jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia: kazi isianze kabla LPO haijatoka. Ofisa anayepiga simu na kusema "anzeni Jumatatu, LPO inafuata" huwa anasema kweli kwa nia njema, lakini hana mamlaka ya kulipa, na LPO ikitoka baadaye tarehe yake inakuwa baada ya ile ya kuanza kazi, jambo ambalo wakaguzi wa ndani hulihoji. Ofisa huyo akihamishwa, hakuna mtu ndani ya kampuni anayewajibika kwa ahadi yake.

Tuchukue mfano wa kampuni ya usafi iliyosajiliwa VAT, yenye mkataba wa shilingi 6,000,000 kwa mwezi kabla ya kodi. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 1,080,000, hivyo ankara ni ya shilingi 7,080,000. Mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya ile milioni sita, yaani shilingi 300,000, na kinachoingia benki ni 6,780,000. Zile laki tatu hazijapotea, maana hupunguzwa katika kodi ya mapato mwisho wa mwaka, ila ni lazima cheti cha zuio kipatikane, na ni vyema kukidai mara tu malipo yanapoingia.

Ankara ya Januari ikipokelewa tarehe 31 Januari bila kasoro, siku 60 zinakwisha tarehe 1 Aprili. Mlipaji huyo hulipa kwa mikupuo miwili kila mwezi, tarehe 15 na 30, kwa hiyo fedha zinaingia tarehe 15 Aprili. Sasa tuseme ankara ilirudishwa kwa sababu haikuwa na namba ya LPO, ikapokelewa upya tarehe 16 Februari. Siku 60 zinakwisha tarehe 17 Aprili, mkupuo wa katikati ya mwezi umeshapita, na malipo yanakuja tarehe 30 Aprili. Hadi hapo wafanyakazi wamelipwa mishahara ya Januari, Februari na Machi, na ya Aprili imefika, kwa kazi ambayo haijaingiza hata shilingi moja.

Na TRA haisubiri mkupuo. Ritani ya VAT ya kila mwezi huwasilishwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi inadaiwa kwa ankara iliyotolewa hata kama haijalipwa. Mwenye kampuni ya usafi analipa VAT ya Januari tarehe 20 Februari, kisha ya Februari, kisha ya Machi, jumla ikikaribia shilingi 3,240,000 baada ya kuondoa kiasi kidogo cha VAT aliyolipa kwenye sabuni na vifaa. Fedha hizo zinatoka mfukoni mwake, nami naona si haki hata kidogo kwamba mtu mdogo ndiye anayeikopesha kodi kampuni kubwa.

Kwa hiyo ninawashauri wateja wasitoe risiti ya EFD kwa haraka. Risiti ikishatoka, mauzo yameshasomeka TRA, na ankara ikikataliwa, kuyarekebisha kunahitaji maelezo na nyaraka. Peleka kwanza rasimu ya ankara kwa mhasibu anayelipa, mwombe ailinganishe na LPO na hati ya kazi, na akijibu kwa maandishi kwamba iko sawa, ndipo utoe ankara na risiti siku hiyohiyo.

Muda wa kusubiri pia una bei. Mwenye kampuni akikopa benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi ili kuziba shilingi 7,080,000 kwa miezi mitatu, riba inakaribia shilingi 425,000, ambayo ni kama asilimia 7 ya bei yake ya mwezi. Faida ya usafi wa ofisi mara nyingi si kubwa kuliko hapo. Gharama hiyo iingizwe katika bei wakati wa kutoa nukuu, kwa sababu baada ya LPO kutoka hakuna atakayekubali kuiongeza.

Wakati huohuo wa nukuu ndipo naomba sentensi moja iingie kwenye mkataba: siku zihesabiwe tangu hati ya kazi iliposainiwa, na mlipaji akiona kasoro katika ankara aiseme ndani ya siku 5 za kazi, la sivyo ankara ihesabiwe imekubaliwa. Kampuni zilizokataa katakata kupunguza siku 60 nimeziona zikiikubali sentensi hii, kwa kuwa haimlazimishi mkurugenzi wa fedha kubadili sera yake. Inamtaka tu mhasibu afungue bahasha mapema.