Si fonti, jamani: nani amekula jina la Ng?ang?a

Nimeskia "hiyo ni fonti tu" mpaka nimechoka. Ukifanya kazi saiba huku tao, hasa hizi zetu za kuprinti programu za mazishi upande wa River Road, hiyo ndo dawa kila mtu anakuandikia maandishi yakiharibika. Mteja anasema fonti, binamu yake mwenye anajua kompyuta anasema fonti, hata jamaa aliyeuzia kanisa sistemu anakwambia badilisha fonti. Fonti ikikosa herufi unaona kiboksi kitupu, ukibadilisha fonti herufi inatokea, basi, kwisha. Takataka na alama za kuuliza ni magonjwa mengine, tena mawili tofauti, na watu wakiyachanganya ndo wanamalizia kuua kazi yenyewe.

Wiki jana kuna mama alileta wasifu wa mumewe, marehemu Ng'ang'a, umeandikwa nusu nusu. Nusu ya kwanza ilitoka kwa binti yake, faili la .txt, imejaa vitu kama ng’ombe na mÅ©ndÅ©. Nusu ya pili kamati ilikuwa imepesti kwa sistemu fulani ya mtandaoni ya michango, halafu ikakopiwa tena kutoka huko, na hiyo ilikuwa imetulia tu, ila pale kwa jina imeandikwa Ng?ang?a na wimbo wa Kikuyu una m?nd? kila mahali. Mama akaangalia akaniambia, "Kijana wangu, hii ya kwanza naona imeharibika kabisa, lakini hii ya pili si unaweza kunirekebishia?"

Nikamwambia mama, ni kinyume. Ile mbaya mbaya ni nzima. Hii safi ndo imekufa.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi nambari, na kuna jedwali la kusema nambari gani ni herufi gani. Siku hizi karibu kila kitu kinaandikwa kwa jedwali linaitwa UTF-8, na humo ũ ni nambari mbili, C5 na A9. Sasa programu ya zamani ikifungua hilo faili ikidhani ni jedwali lingine, Windows-1252, inasoma kila nambari kivyake: C5 kwake ni Å, A9 ni ©. Ndo unapata Å© mahali pa ũ, na Ä© mahali pa ĩ. Ile koma ya kupinda ambayo Word inakuwekea yenyewe ukiandika ng’ombe ni nambari tatu, E2 80 99, ndo inatoka ’. Kwa hivyo ukiona hiyo takataka, shukuru Mungu, hakuna kitu kimepotea. Ni kama mtu amesoma barua yako kwa miwani ya jirani, barua yenyewe iko sawa. Faili la binti nililifungua kwa Word, ikauliza liko kwa jedwali gani, nikachagua Unicode (UTF-8), na maneno yote yakarudi, kila ũ na kofia yake.

Kama takataka imeshapestiwa mahali ikaseviwa hivyo, bado mara nyingi inarudi, unairudisha njia ile ile ilikujia. Mwenye ana Python:

```python
"ng’ombe".encode("cp1252").decode("utf-8")
```

Inatoka ng’ombe. Si kila mara lakini. Alama ya kufunga nukuu ina nambari 9D, na Windows-1252 haina kitu hapo, kwa hivyo programu nyingine inaitupa, unabaki na â€ imekatika mkia na hiyo lazima urekebishe na mkono. Na ukiona imekuwa ndefu ajabu, ’, ujue imepita kwa makosa mara mbili, irudishe mara mbili.

Sasa alama ya kuuliza. Hapa ndo mimi hukasirika. Ile sistemu ya michango, ukiangalia vile inafanya, inahifadhi kwa jedwali la zamani, ISO-8859-1, lenye nafasi 256 peke yake. Humo hakuna ũ, hakuna ĩ, hakuna koma ya kupinda. Badala ya kusema "samahani, hii siwezi," inatupa herufi, inaweka ? na kuendelea na shughuli zake ikitabasamu. Hiyo ? si picha ya herufi iliyojificha, ni alama ya kuuliza kabisa, nambari 3F, sawa na ile unaandika ukiuliza bei ya nyanya. Hakuna komandi, hakuna fonti, hakuna mtaalamu ataitoa hapo. Chukua k?r?a kwa huo wimbo: ilikuwa kĩrĩa ama kũrĩa? Zote ni maneno halali na faili haikumbuki. Kamati ilikuwa na mjuaji mmoja alishajaribu, akabadilisha kila ? kuwa koma kwa mpigo, Ng'ang'a akapona kweli, lakini sasa wimbo una m'nd' na pale watoto wameandika "Tutakusahau vipi?" pakawa "Tutakusahau vipi'". Hongera.

Dawa ya ? ni moja tu, kurudi kwa mwenye aliandika kabla ya kupesti. Mama alipigia mwenyekiti wa kamati, faili la kwanza la Word lilikuwa bado kwa laptopu ya mtu Ruiru, likatumwa kama dokumenti, tukaprinti. Wangekuwa wamelifuta tungefanya nini?

Na usiniambie eti wazime koma za kupinda kwa Word. Sawa, nakubali, inasaidia, iko kwa AutoCorrect Options na mimi mwenyewe nimeizima. Hata kwa meseji za jumla inaokoa pesa kabisa: meseji ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ukiweka koma moja tu ya kupinda meseji yote inahamia jedwali lingine la herufi 70, na zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67, kwa hivyo tangazo la herufi 150 lililokuwa meseji moja linalipiwa kama tatu. Shule nyingi zinalipa hiyo kodi na hata hazijui. Lakini ũ utaizima wapi? Utaambia Mũthoni aache kofia nyumbani ndo sistemu yako ifurahi? UTF-8 iko tangu 1992, wazee. Mtu anakuuzia sistemu leo, hapa Nairobi, ambayo haiwezi kuandika majina ya watu wa Nairobi, halafu ati shida ni vile wewe umepesti.

Kwa hivyo kamati, chama, shule, kabla hamjalipa mtu, andikeni Ng’ang’a Mũthoni kwa fomu yake, na koma iwe ya kupinda makusudi. Sevu, toka, ingia tena, kisha udaunlodi ile ripoti uifungue. Ikitoka takataka kwa Excel usigombane bado, inawezekana data iko sawa na ni Excel imekisia jedwali vibaya, ingia Data, From Text/CSV, uchague 65001: Unicode (UTF-8) uone kama itanyooka. Ikitoka na ? hata ndani ya sistemu yenyewe, rudisha mkono mfukoni, na yule jamaa akianza kukuambia mambo ya fonti, muulize kĩrĩa na kũrĩa atazitofautisha aje.