Kuacha kazi kwa wema ni kutaja tarehe

Barua nyingi za kuacha kazi ninazoletewa nizipitie hapa Arusha zina shukrani tele na tarehe hakuna. Mtu anamshukuru Mungu, anamshukuru mkurugenzi na wafanyakazi wenzake wote, anaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza, halafu siku yenyewe ya kuondoka anaitaja kwa kuzungukazunguka, kana kwamba akiisema wazi ataonekana ana kiburi. Mimi naona kinyume chake. Bosi anayeachwa katikati ya msimu anachohitaji kwanza ni kujua hadi lini atakuwa na mtu kwenye lile dawati.

Majuzi dada mmoja anayeshughulikia buking kwenye kampuni ya utalii alinipa barua pepe yake ya mwaka jana, ile aliyoiandika kwanza kabla hatujaipitia pamoja, na ameniruhusu niitumie bila majina. Ilikuwa Agosti, nyumbu wanavuka Mto Mara kule kaskazini mwa Serengeti na vyumba vya kulala wageni vinagombaniwa. Aliandika hivi:

"Bosi, naomba kuacha kazi kwani nimepata sehemu nyingine. Nashukuru sana kwa yote. Nitamaliza mwisho wa mwezi na wiki ya mwisho nitatumia likizo yangu iliyobaki. Nitakabidhi kazi kabla ya kuondoka. Samahani kwa usumbufu, na kwa lolote nipo."

Hakuna neno baya hata moja hapo. Lakini hebu tuisome kama anayeipokea. Kwanza, "naomba" inampa bosi nafasi ya kujibu kwamba ombi limepokelewa na litajadiliwa, na siku zinakwenda. Notisi haiombwi, inatolewa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka iwe ya maandishi, ionyeshe sababu na tarehe iliyotolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza kazini, notisi si chini ya siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo fungua mkataba wako kwanza ndipo uhesabu.

Tukahesabu. Notisi alikuwa anaitoa Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025. Ukianza kuhesabu kesho yake, siku ya 28 ni Jumatatu tarehe 1 Septemba. "Mwisho wa mwezi" ilikuwa Jumapili tarehe 31. Pungufu ni siku moja tu, lakini kazi mpya Moshi alikuwa amewaahidi kuanza Jumatatu hiyohiyo! Siku ambazo mfanyakazi amekataa kuzifanya ndani ya notisi, sheria inamruhusu mwajiri kukata thamani yake kwenye malipo. Ilibidi awapigie wa Moshi simu waisogeze hadi Jumatano tarehe 3, na walikubali bila shida yoyote.

Likizo ndiyo inayowakwaza wengi. Watu wanaamini siku za likizo zilizobaki zinaweza kumezwa na notisi, uage mapema ukapumzike. Kifungu hichohicho kinakataza: notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Huyu dada alikuwa na siku 9. Ama angezichukua kabla ya kutoa notisi, ama zilipwe kwenye malipo ya mwisho. Na hata sheria ingeruhusu, wiki ya mwisho ndiyo wiki ya kuwepo ofisini.

Hapo ndipo "nitakabidhi kazi kabla ya kuondoka" inapogeuka maneno matupu. Kwenye dawati la buking, kitu cha hatari hakionekani kwenye faili. Hoteli ikikushikia vyumba bila malipo ya awali inakupa tarehe. Ikifika hujalipa, vyumba vinaachiwa na kupewa mwingine. Tarehe hizo mara nyingi ziko kwenye kichwa cha mtu, au kwenye meseji za simu yake binafsi. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikabidhiwa mafaili yote vizuri kabisa, yamepangwa kwa majina ya wageni, na bado wageni walifika Karatu vyumba vikiwa vimeshaachiwa. Aliyepokea alikuwa na kila karatasi, ila hakuna karatasi iliyomwambia alipe lini.

Kwa hiyo makabidhiano yanataka tarehe zaidi ya moja: ya orodha, ya mpokeaji kukaa na wewe, na ya yeye kuishika kazi wewe ukiwa pembeni. Hii ya tatu huwa inasahaulika, na ndiyo inayofichua mapengo, maana maswali ya kweli yanakuja mtu akishaanza kujibu barua za mawakala mwenyewe.

Barua tuliyoimalizia ni hii. Alimwambia bosi wake ana kwa ana asubuhi, mchana akaituma. "Shikamoo" tuliiacha kwa sababu ndivyo wanavyosalimiana kila siku. Kuifuta siku ya kuaga kungeshangaza.

"YAH: Notisi ya kuacha kazi, siku ya mwisho Jumatatu 1 Septemba 2025

Mama, shikamoo.

Kama tulivyozungumza asubuhi, hii ni notisi yangu ya siku 28, ninayoitoa leo Jumatatu tarehe 4 Agosti 2025. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumatatu tarehe 1 Septemba. Nimepata kazi Moshi, karibu na wazazi wangu.

Nakushukuru kwa kuniamini na dawati hili nikiwa sijawahi kupanga safari hata moja, na kwa kukaa nami jioni zile za msimu wa kwanza.

Makabidhiano napendekeza yaende hivi. Hadi Ijumaa tarehe 15 Agosti nitakuletea orodha ya safari zote nilizonazo, kila moja na kilicholipwa, kinachodaiwa na tarehe ambayo hoteli itaachia vyumba. Kuanzia Jumatatu tarehe 18, utakayemchagua akae nami. Kuanzia tarehe 25 yeye ndiye ajibu barua, mimi niwe pembeni yake. Masurufu nitayarejesha pamoja na risiti kabla ya Ijumaa tarehe 29. Siku zangu 9 za likizo naomba ziingie kwenye malipo ya mwisho.

Nikishaondoka, nitapokea simu kwa swali lolote la safari hizi kila jioni baada ya saa kumi na moja, hadi Ijumaa tarehe 12 Septemba."

Shukrani imebaki sentensi moja, na nadhani ina uzito kuliko "kwa yote", kwa sababu Mama anazikumbuka jioni hizo. Samahani tuliifuta, kuhama kazi kwa notisi kamili hakumkosei mtu. Na "kwa lolote nipo" tuliiwekea mwisho. Isiyo na mwisho huwa inamtesa aliyeiandika, anapigiwa Novemba kuulizwa neno la siri la barua pepe huku yuko kwa mwajiri mwingine.

Alitaka pia kuwaandikia mawakala wa nje siku hiyohiyo kuwaaga. Nilimshauri angoje Mama atume mwenyewe ujumbe huo, wenye jina la mpokeaji mpya, wiki ya tarehe 18. Wakala akisikia kwanza kwamba mtu anaondoka kabla ya kusikia nani anaingia, anaanza kuuliza bei kwa kampuni ya pili.