"Mtoa huduma" wa saa mbili hadi saa kumi na moja

Mikataba mingi ya Dar es Salaam siku hizi ina kifungu hiki: "Mtoa huduma si mwajiriwa wa kampuni." Tumchukue fundi wa kompyuta aliyesaini karatasi hiyo. Analipwa 650,000 kila mwisho wa mwezi, anakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 32,500, na hana NSSF. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki, na vifaa ni vya kampuni. Baada ya miaka mitatu anaambiwa kwa ujumbe wa simu asirudi kesho.

Kama kweli ni mtoa huduma, haki zake zinaishia kwenye karatasi aliyosaini. Akiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, anastahili notisi ya siku 28 au malipo badala yake, likizo asiyoichukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza: 650,000 kugawa kwa siku 26 za kazi ni 25,000 kwa siku, mara siku 21, ni 525,000. Kubwa zaidi ni michango ya NSSF: asilimia 20 kwa miezi 36 inafika 4,680,000. Na mwajiri atatakiwa kuonyesha sababu halali ya kumwachisha.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakiishii kwenye jina la mkataba. Kinauliza nani anaelekeza kazi na saa zake, nani anatoa vifaa, kama mtu anategemea mlipaji mmoja, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Dalili moja tu ikiwepo, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo.

Waajiri wana hoja hapa, nami naikubali kwa sehemu. Saa 45 kwa mwezi ni chache. Hata fundi bomba mwenye wateja watano anaweza kuzifikisha kwa mmoja wao. Ila huyo anapanga bei yake, anatuma msaidizi akitaka, na kazi ikiharibika hasara ni yake. Hayo ndiyo mwajiri atakayoyatumia kupangua dhana kwamba ni mwajiriwa, na kwa fundi bomba ni kweli. Kwa fundi wetu wa kompyuta hakuna hata moja. Risiti za kodi ya zuio zitaonyesha tu alivyolipwa, si alivyofanya kazi.

Wengi hukwama kwenye ushahidi na muda. Ratiba za zamu, maagizo ya msimamizi kwenye WhatsApp na kitambulisho cha ofisi vinapaswa kutunzwa kabla akaunti ya kazini haijafungwa. Mgogoro wa kuachishwa hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Namba 1 ndani ya siku 30. Akichelewa ataomba kwanza kuongezewa muda, kwa sababu za msingi, na wapo wanaokataliwa hapo hapo kabla hata suala la nani ni mwajiriwa halijaguswa.