Kabla Hatujapendekeza Mradi wa Kukaanga Kahawa

Mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa ametutumia barua pepe akitualika, sisi ndugu wanachama, tupendekeze miradi mipya ya kuongeza mapato ya chama mwaka ujao. Mwaliko huo umekuja kwa wakati, kwa kuwa makisio ya mapato na matumizi bado hayajapelekwa mkutano mkuu, na mradi usiokuwamo katika makisio hayo hauwezi kupata fedha kihalali. Ninaomba jambo moja tu liongezwe: tangazo libandikwe pia ghalani na lisomwe kanisani na msikitini, maana wazee wengi wenye mashamba huku juu hawatumii barua pepe, na kahawa nyingi ya chama inatoka kwao.

Pendekezo ninalolisikia zaidi hapa Moshi ni kwamba chama kinunue mashine ya kukaanga na kusaga kahawa, kisha tuuze pakiti zenye jina letu kwa hoteli na kwa wageni wanaopanda mlima. Ninalipenda wazo hilo, lakini linahitaji kufanyiwa hesabu kwa uangalifu, kwa sababu watu wengi hulinganisha bei ya pakiti dukani na bei ya kilo mnadani, wakadhani tofauti yote ni faida.

Tuchukue kilo 1,000 za kahawa ya maganda, yaani ile iliyokwisha kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa na kukaushwa. Ikikobolewa, hubaki takribani kilo 800 za kahawa safi. Ikikaangwa, hupoteza maji na uzito mwingine, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 20, hivyo tutabaki na kilo 660 hivi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba kahawa safi hiyo ingetuletea shilingi 8,000 kwa kilo baada ya makato ya mnada. Maana yake tumeacha shilingi 6,400,000, na tukizigawa kwa kilo 660, kila kilo iliyokaangwa imebeba karibu shilingi 9,700 kabla hatujalipia moto, mifuko, lebo, usafiri, leseni ya Bodi ya Kahawa na usajili wa TBS. Fedha hiyo iliyoachwa mnadani ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa kahawa inatoka kwetu wenyewe na hakuna anayetuandikia ankara.

Swali linalofuata ni la wateja. Kilo 660 ni pakiti 2,640 za robo kilo, yaani karibu pakiti 50 kila wiki kwa mwaka mzima, na hapo tunazungumzia tani moja tu ya maganda. Kahawa safi iliyokauka vizuri hukaa ghalani miezi mingi, lakini iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya wiki chache, hasa ikiwa imekwisha kusagwa. Kwa hiyo hatuwezi kukaanga yote Desemba tukasubiri msimu wa wageni. Inabidi kukaanga kidogo kidogo kulingana na oda, na mashine yetu ingekaa bila kazi siku nyingi huku mkopo ukidai. Ndiyo sababu ninaona tuanze kwa kumlipa mtu mwenye mashine tayari atukaangie, nasi tushughulikie wateja.

Hata hivyo, linalonigusa zaidi ni suala la nani atabeba hasara. Mwanachama akileta kahawa hupata malipo ya awali, kisha husubiri malipo ya pili baada ya mauzo. Kahawa yake ikielekezwa kwenye pakiti, malipo hayo yatategemea hoteli inayolipa kwa kuchelewa, wakati yeye ana ada za shule Januari. Si haki mkulima mwenye miche michache aukopeshe mradi bila kuulizwa. Chama kiinunue kahawa hiyo kwake kwa bei ya mnada wa wiki ile, kimlipe yote, na fedha itoke kwenye ziada ya chama kwa kiasi kilichopitishwa na mkutano mkuu. Ikiwa ziada haipo na itabidi kukopa, basi mkopo huo uonekane wazi katika ukomo wa madeni, ili wanachama wajue wanachokipigia kura.

Nimemjibu mwenyekiti hivyo, nikamwomba awaandikie wanachama tena na kuwaeleza ziada iliyopo ni kiasi gani. Nimemwomba pia kila pendekezo litaje mnunuzi wa kwanza na gharama zote, pamoja na bei tunayoiacha mnadani. Kwa upande wangu nimependekeza gunia chache za maganda kwa majaribio, zikaangwe kwa kulipia, na mashine isijadiliwe hadi tutakapokuwa na hoteli zilizonunua na kulipa msimu mzima.