Filamu Uliyoipakua Bado si Yako

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye basi, safari ya mwendo wa saa tisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Kaka, filamu nimeilipia, nimeipakua, na ipo humu kwenye simu, naiona. Nikibonyeza inaniambia muda umekwisha. Sasa bando nililomaliza kuipakua lilikuwa la nini?"

Nilimuuliza aliifungua lini mara ya kwanza. Akafikiri kidogo, akasema aliifungua Jumapili usiku, dakika kumi tu, kujaribu kama inacheza. Basi, jibu likawa hapo hapo. Filamu yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Ni lile neno "pakua" lililomdanganya, kama linavyotudanganya wengi.

Ukitazama filamu kwenye huduma ya kulipia, haiji kama faili moja zima. Inakuja vipandevipande, kila kimoja cha sekunde chache, na picha na sauti zilizo ndani yake zimefungwa kwa usimbaji wa AES kwa ufunguo wa biti 128. Ufunguo hauji pamoja na vipande. Programu ya kutazamia huomba leseni kwenye seva nyingine, seva inahakiki akaunti yako na kifaa chako, kisha inatuma leseni ambayo ufunguo umo ndani yake, nao umefungwa ili usomwe na kifaa hicho peke yake. Kwenye simu za Android mfumo unaosimamia haya ni Widevine wa Google, kwenye vifaa vya Apple ni FairPlay, na Microsoft wana PlayReady. Kwa pamoja mifumo ya aina hii huitwa DRM, yaani kufuli la kulinda haki za kidijitali.

Nani anaona ufunguo? Si wewe, na kwa kawaida hata ile programu unayoibonyeza haiuoni. Kwenye simu yenye Widevine ya kiwango cha L1, kufungua kipande na kukigeuza kuwa picha hufanyika ndani ya sehemu ya chipu iliyotengwa, ambayo mfumo wa kawaida wa simu hauwezi kuichungulia. Ndiyo maana ukijaribu kurekodi skrini unapata sauti, au hata hiyo hupati, na picha ni weusi mtupu. Kinasa skrini hakijaharibika, ila picha ile haikupita mahali ambapo kingeweza kuidaka. Vifaa vya kiwango cha L3 hufanya kazi hiyo kwa programu tu, ulinzi wake ni hafifu zaidi, na kwa sababu hiyo huduma nyingi huvinyima picha ya ubora wa juu.

Kuna watu huniambia, "Lakini mimi nilipata programu ikashusha faili lote." Ndiyo, vipande vinashuka bila shida, kwa sababu aghalabu vinatolewa kwenye seva za kawaida. Dalili ni hii: faili linaonyesha urefu sahihi wa filamu, saa moja na dakika hamsini kwa mfano, na ukubwa wake unaaminika kabisa, lakini ukilicheza unapata rangi za kijani na kijivu zilizovurugika, au kichezeshi kinakataa kabisa. Maelezo ya juu ya faili, yaani urefu, aina ya video na kadhalika, huachwa wazi ili kichezeshi kijue pa kuanzia. Kilichosimbwa ni picha na sauti. Ukitaka kujua kabla ya kupoteza data, fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari na utafute faili la `.mpd`, yaani orodha inayokieleza kichezeshi vipande vya video viko wapi. Ukikuta mstari kama huu, video imefungwa kwa Widevine:

```
<ContentProtection schemeIdUri="urn:uuid:edef8ba9-79d6-4ace-a3c8-27dcd51d21ed">
```

Turudi kwa mdogo wangu. Alikuwa amekodi filamu, hakuinunua. Leseni ya kukodi unayobaki nayo bila mtandao huwa na vipima muda viwili, na kwenye Widevine mtoa huduma huviandika kwa sekunde. Mpangilio ulio wa kawaida sana kwa filamu za kukodi ni huu:

```
"can_persist": true,
"rental_duration_seconds": 2592000,
"playback_duration_seconds": 172800
```

Mstari wa kwanza unaruhusu leseni kuhifadhiwa ndani ya kifaa. Wa pili ni siku 30, muda ulio nao kabla hujaanza kutazama. Wa tatu ni saa 48, na unaanza kuhesabu pale unapobonyeza cheza. Alipakua Ijumaa saa 12 jioni. Angeiacha bila kuigusa, angekuwa na karibu mwezi mzima. Akaifungua Jumapili saa 3 usiku, dakika kumi za kujaribu, na kipima muda cha pili kikaanza kukimbia hapo. Jumanne saa 3 usiku kikafika mwisho. Basi lake liliondoka Jumatano alfajiri. Faili lilibaki pale pale, zaidi ya gigabaiti moja, lakini ufunguo wake ulikuwa umekwisha muda na simu ikakataa kuutumia.

Akaniuliza kama akilihamishia faili kwenye laptopu ya rafiki yake aliyekaa naye litacheza. Halitacheza. Leseni imefungwa kwa kifaa kilichoiomba. Ndiyo maana pia ukinunua simu mpya na kurejesha kila kitu kutoka kwenye nakala rudufu, picha na namba zinarudi lakini filamu ulizopakua huna budi kuzipakua upya. Kurudisha nyuma tarehe ya simu, ujanja ambao kila mtu huufikiria, nako kwa kawaida hakusaidii, kwa kuwa mifumo hii hukumbuka muda wa mwisho iliouona na hushtuka saa inaporudi nyuma.

Zipo njia za kuvunja kufuli, sitajifanya hazipo. Lakini hapa ndipo hoja ya "nimelilipia, ni langu" inapokwama, na si kwa sababu ya masharti ya huduma peke yake. Mkataba wa Hakimiliki wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, kwenye kifungu cha 11, unazitaka nchi wanachama ziwe na ulinzi wa kisheria dhidi ya kuvunja kufuli za aina hii. Marekani ikatunga sheria ya hakimiliki iitwayo DMCA mwaka 1998, na kifungu chake cha 1201 kinakataza kitendo chenyewe cha kuvunja. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa Maelekezo 2001/29. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba kuna maswali mawili tofauti: je, una haki ya kunakili kazi hii, na je, ulivunja kufuli ili kuinakili? Unaweza kuwa na hoja nzuri kwenye swali la kwanza na bado ukashindwa kwenye la pili. Misamaha ipo. Marekani huipitia kila miaka mitatu, na imewahi kuruhusu mambo kama vipande vifupi kwa ajili ya kufundishia au kuhakiki. Kujiwekea filamu nzima kwa ajili ya safari hakumo.

Mimi sina ugomvi na kufuli kwenye kitu cha kukodi. Ukikodi baiskeli unairudisha. Ukilipia usajili wa mwezi, ni haki huduma ikome usajili unapokoma. Hata programu za muziki hufanya hivyo: Spotify hukuruhusu kupakua nyimbo ukiwa umelipia, lakini inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ihakikishe bado umo. Ugomvi wangu ni kwenye kitufe. Hicho kinachoitwa "Pakua" kingeitwa "Azima", mdogo wangu asingefungua filamu Jumapili. Na kibaya zaidi ni "Nunua" kinapobandikwa kwenye kitu chenye kufuli. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu vya kidijitali mwaka 2019, vitabu ambavyo watu walikuwa wamevinunua viliacha kufunguka. Walirudishiwa fedha, ni kweli, lakini mtu aliyenunua kitabu kwa kawaida hategemei kurudishiwa fedha. Anategemea kitabu. California imeliona hilo: tangu Januari 2025 sheria yake inamzuia muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Kilichonifurahisha ni msamaha uliomo: sheria haimbani muuzaji anayekupa faili la kupakua na kubaki nalo daima bila mtandao. Mpaka wenyewe umechorwa pale pale ninapouona mimi.

Kwa hiyo ukitaka kitu kibaki kwako, tafuta upande huo wa mpaka. Muziki ndio umetengemaa zaidi. Duka la iTunes liliondoa kufuli kwenye nyimbo zake mwaka 2009, na Bandcamp hukuuzia faili la FLAC au MP3 unalolinakili kwenye kifaa chochote ulicho nacho. Usichanganye ununuzi huo na usajili wa Apple Music, ambako nyimbo unazopakua zina kufuli. Podikasti nyingi ni MP3 za wazi, programu inazishusha na zinabaki. Kwa filamu hali ni ngumu, maana studio kubwa karibu hazikuuzii faili la wazi. Hapo unabaki na kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha, nyingi ziko kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, na zile ambazo wenyewe wameziweka kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kuzinakili. Baadhi ya watengenezaji wadogo huruhusu kupakua kwenye tovuti ya video ya Vimeo, na asiyeruhusu unaweza kumwandikia. Mimi nimeshamwandikia mmoja akanitumia kiungo siku hiyo hiyo. Diski nayo inafaa, ila ujue tofauti: CD ya kawaida ya muziki haina kufuli, DVD ya filamu kwa kawaida inalo, hivyo kuinakili kunakurudisha kwenye lile swali la pili. Kuicheza tu hakuna neno, na diski haiishi muda.

Na kwa safari, kupakua ndani ya programu ya huduma yenyewe bado ndiyo njia rahisi, ukiitendea kama kitu cha kuazima. Soma muda ulioandikwa kando ya kila filamu kwenye orodha ya vilivyopakuliwa. Fungua programu ukiwa na mtandao siku moja kabla ya kuondoka, ili leseni za usajili zilizokaribia kwisha zipate kuhuishwa. Ukitaka kujaribu, weka simu kwenye hali ya ndegeni na ucheze kipindi kifupi kinachokuja na usajili wako, ambacho hukihitaji. Filamu uliyoikodi usiiguse.

Mdogo wangu aliikodi tena ile filamu usiku uleule alipofika. Safari hii aliitazama yote kwa mkao mmoja, kisha akanitumia ujumbe kwamba mwisho wake haukuwa mzuri kiasi hicho.