ONYO! Mama, Posho Bado?

Mteja wetu alipopeleka mashine mpya ya kusaga mahindi kule Kisenyi, hapa Kampala, bosi alinituma nikaone uzinduzi. Fundi akasimama mbele ya wasaga unga, akafungua kitabu cha maelekezo tulichotafsiri sisi, akaanza kusoma kwa sauti ya kuhubiri:

"ONYO! Mama, posho bado? Zima mota kabla ya kufungua kifuniko."

Akanyamaza. Akageuza ukurasa. "ONYO! Mama, posho bado? Usiingize mkono kwenye mdomo wa mashine."

Mimi natafuta pa kujificha, na mzee mmoja aliyejaa unga mpaka kwenye kope anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sawa kabisa," akasema. "Unauliza kwanza kama chakula kiko tayari, ndiyo unazima."

Maneno yale yalikuwa kila penye onyo, na kwenye kitabu cha mashine ya kusaga kila kitu ni onyo.

Ofisini tunatumia OmegaT, programu ya kusaidia kutafsiri. Inakata kitabu vipande vipande, kwa kawaida sentensi moja moja, na kila kipande ukishakitafsiri inakiweka kwenye kumbukumbu, faili liitwalo `project_save.tmx`. Toleo la pili la kitabu likija, unachukua faili lile la zamani na kulitia kwenye folda ya `tm/auto` ya mradi mpya. Ukifungua tu, sentensi zote ambazo hazikubadilika zinajijaza zenyewe. Zilizobadilika kidogo, tuseme mafuta yalikuwa lita 2 sasa ni lita 3, inakuonyesha tafsiri ya zamani na asilimia ya kufanana, urekebishe mwenyewe.

Hizo za kurekebisha tulizikagua kwa makini mno. Zile za asilimia 100 hakuna aliyezitazama, kwa sababu bosi hazilipii. "Kitu kimeshatafsiriwa, nikilipie mara ya pili nina wazimu?" Basi hela haipo, na macho hayapo.

Bosi alivyosikia habari za Kisenyi akataka mtu. Toleo la kwanza, akasema, lilikuwa safi, analo kabatini. Kweli lilikuwa safi. Nikafungua faili la kumbukumbu kwa kihariri cha maandishi ya kawaida, na hiki hapa kipande chenyewe:

```xml
<tu>
  <tuv xml:lang="en"><seg>WARNING!</seg></tuv>
  <tuv xml:lang="sw" changeid="afande"
       changedate="20230314T101207Z">
    <seg>ONYO! Mama, posho bado?</seg>
  </tuv>
</tu>
```

Afande ni mwenzetu, mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini na anakiandika kama anatoa amri. Akaitwa. Akasimama wima.

"Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi," bosi akasoma. "Ulikuwa unaagiza posho saa za kazi?"

"Hapana, mkuu. Saa nne mimi huwa benki."

Ikabidi niingilie, kwa uchungu. Ile `Z` mwishoni maana yake ni saa za UTC. Uganda tunaongeza tatu: saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Saa ya njaa hasa. Afande akanitazama kama mtoro wa jeshi.

Mambo yakafunguka. Alikuwa ameshaandika ONYO!, akili ikaenda jikoni. Akaandika ujumbe wa WhatsApp kwa mama anayetupikia, ila kishale kilikuwa bado ndani ya OmegaT. Akabonyeza Enter. Humo, Enter maana yake ni hifadhi kipande hiki, twende kinachofuata. Na kwa kuwa neno lile la Kiingereza limejirudia kitabu kizima, programu ikasambaza posho kila mahali bila kumuuliza mtu.

Dada mhariri aliyaona yote mwaka ule. Akayafuta kwenye Word, ndani ya faili la mwisho, akalituma kwa mteja. Ila marekebisho ya Word hayarudi kwenye kumbukumbu. Kitabu kikapona, kumbukumbu ikabaki na njaa yake mwaka mzima ikingoja toleo la pili.

Kulitengeneza hakukuchukua muda. Ctrl+F, nikatafuta "posho", nikasahihisha kipande kimoja na vingine vyote vikafuata. Kisha nikafuta pia kwenye lile faili la zamani lililomo `tm/auto`, lisije likazaa tena kwenye toleo la tatu.

Wakati huo Afande alikuwa bado amesimama, anafikiri. Ghafla akageuka kumwita mama wa jikoni.

"Nyabo! Kumbe ujumbe wangu wa siku ile haukukufikia?"

"Ujumbe gani, ssebo?"

"Wa posho! Nilikununia wiki nzima!"

"Nilijua umeninunia kwa sababu ya deni," mama akasema. "Na hujalipa."

Bosi akauliza ni shilingi ngapi.